Foronya, simu, taulo na brashi: ni kipi hasa kinachochochea chunusi?

«Docta, nina miaka 23 na ninauza yunite na kutuma pesa kwa simu kwenye kibanda karibu na soko la Kadutu, hapa Bukavu. Chunusi zinanijaa shavu la kuume kuliko la kushoto, na nyingine ndogo ndogo kwenye paji la uso. Dada yangu aliniambia ni uchafu. Sasa ni wiki mbili ninabadilisha foronya kila usiku, ninafuta simu kwa alkoli, ninafua taulo kila siku, na brashi za kujipodoa nimezitupa. Maji tunanunua kwa bidoni. Mbona hakuna kilichobadilika? Kati ya hivyo vyote, ni kipi kinacholeta chunusi?»

Dada yangu, wiki mbili haziwezi kukupa jibu lolote, wala la kukuthibitishia wala la kukukatalia. Chunusi unayoiona leo asubuhi kwenye kioo haikuanza jana usiku. Ilianza ndani ya kinyweleo, pengine wiki sita au nane zilizopita, wakati chembe za ngozi zilizokufa ziliposhindwa kutoka nje kama kawaida yake, zikashikamana na mafuta yanayotolewa na tezi iliyo pembeni ya unywele, na kufanya kizibo kidogo ambacho jicho haliwezi kukiona. Kizibo hicho hukaa kimya kwa muda, mafuta yakijikusanya nyuma yake. Baadaye ndipo bakteria wanaoishi humo wanapoongezeka, mwili unapopambana nao, na ngozi inapovimba na kuuma. Kwa hiyo vipele ulivyovihesabu katika wiki hizi mbili vilikuwa vimekwisha kupandwa kabla hujagusa foronya ya kwanza.

Kuhusu bakteria hao, dada yako amekosea mahali ambapo wengi hukosea. Bakteria wa chunusi hawatoki kwenye mto wala kwenye simu. Wanaishi katika vinyweleo vya karibu kila mtu mzima, pamoja na wale wenye nyuso laini kabisa, na hupendelea kukaa chini ambako hewa ni chache. Hakuna foronya inayoweza kukuletea kitu ambacho tayari unacho, na hakuna alkoli ya juu juu inayoweza kuwafikia waliko. Kiasi cha mafuta wanayokula huamuliwa zaidi na homoni, na ndiyo sababu chunusi huanza wakati wa balehe, na wanawake wengi huziona zikiongezeka siku chache kabla ya hedhi. Neno «uchafu» basi linakuonea bure.

Hata hivyo sitakuambia kwamba vitu hivyo havina neno. Vina njia mbili za kuchochea chunusi, na zote mbili hazihusu vijidudu. Ya kwanza ni mafuta na vipodozi vinavyobebwa kutoka mahali pengine na kuwekwa usoni, vikaziba vinyweleo. Ya pili ni msuguano, joto na mgandamizo unaorudiwa mahali pamoja siku baada ya siku, kiasi cha kukifanya kizibo kilichokuwa kimelala kivimbe na kupasukia ndani ya ngozi. Ukiliangalia swali lako kwa macho hayo, jambo lenye maana kuliko yote uliyoyataja ni kwamba shavu la kuume limeumia kuliko la kushoto. Homoni hazichagui shavu. Tofauti kubwa kati ya pande mbili za uso mmoja karibu daima inatuelekeza kwenye kitu kinachogusa upande huo tu.

Katika kazi yako kitu cha kwanza cha kushukiwa ni simu. Si kioo chake kuwa na vijidudu, bali namna unavyoishika. Muuza yunite anapozungumza na mteja huku akiandika namba kwenye daftari, mara nyingi huibana simu kati ya shavu na bega ili mikono yote miwili iwe huru. Hapo simu yenye joto, iliyokuwa ikifanya kazi tangu asubuhi, inakandamizwa juu ya ngozi yenye jasho, na kila neno unalolisema linaitikisa taya na kuisugua ngozi kwenye kava. Fanya jaribio dogo: zungumza dakika tano kama unavyozungumza siku zote, kisha mara moja jitazame kwenye kioo. Utaona alama ya unyevu, na pengine mstari wa ukingo wa kava, ukitoka mbele ya sikio na kushuka kwenye taya. Ikiwa vipele vyako vikubwa na vyenye kuuma vimekaa ndani ya alama hiyo, basi umempata mhusika mmoja, na alkoli haitamwondoa, kwa kuwa simu safi hukandamiza sawasawa na simu chafu.

Kinachosaidia hapa ni kuitenga simu na shavu. Tumia hedifoni za waya, au spika pale ambapo siri ya mteja inaruhusu, na kama haiwezekani basi ishike kwa mkono pasipo kuiegemeza usoni. Kuifuta mara moja kwa siku si jambo baya, hasa simu inayopita mikononi mwa wateja wengi, lakini faida yake ni kwa mafua na kuhara kuliko kwa chunusi. Nakuomba tu usiipitishe pamba hiyo ya alkoli kwenye shavu kwa kuhitimisha kazi, kama nilivyoona baadhi ya watu wakifanya. Alkoli huikausha ngozi na kuiwasha, na ngozi iliyowashwa huvumilia vibaya dawa za chunusi ambazo huenda ukazihitaji baadaye.

Foronya inataka maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapa kuna ukweli uliofichwa ndani ya ushauri usio kamili. Umetaja vipele vidogo kwenye paji la uso. Je, ni vidogo vya aina moja, vya rangi ya ngozi, havina maumivu, na vimefuatana karibu na mstari wa nywele hadi kwenye panja? Kama ndivyo, tazama kwanza kopo la mafuta ya nywele kabla ya kutazama mto. Chunusi zinazoletwa na mafuta ya nywele zilielezwa na madaktari wa ngozi wa Marekani mwaka 1970, walipoziona kwa wanaume weusi waliokuwa wakipaka nywele zao mafuta mazito, na sisi tunaoishi na nywele za aina hiyohiyo tunaziona kila wiki. Vazelini, mafuta ya nazi na pomadi za kulainisha nywele baada ya kusuka hushuka taratibu kwenye paji kwa joto na jasho la mchana. Usiku huhamia kwenye foronya, na mtu akigeuka usingizini shavu lake linalala juu ya mafuta ambayo hakuwahi kulipaka.

Unaweza kulithibitisha hili kwa tone la maji. Chukua foronya uliyolalia usiku tatu au nne, itandaze juu ya meza, kisha dondosha tone moja katikati pale kichwa kinapolala, na jingine pembeni kwenye upindo. Pamba safi hunywa maji mara moja. Pamba iliyoshiba mafuta huliacha tone likisimama kama lulu kwa sekunde kadhaa kabla ya kuzama. Jaribio hili halifai kwa foronya mpya ambayo haijawahi kufuliwa, kwa maana kitambaa cha dukani huja na dawa inayokataa maji, wala kwa foronya za nailoni. Lakini kwa pamba ya kawaida litakuonyesha mambo mawili: kama mafuta yamefika, na kama ufuaji wako unayaondoa. Foronya iliyosuuzwa kwa maji baridi na povu kidogo inaweza kunukia vizuri na bado ikakataa tone. Mafuta yanahitaji maji ya moto, sabuni ya kutosha na kuloweka kwa nusu saa hivi.

Kwa kuwa maji mnayanunua, sioni haja ya kufua kila siku. Foronya moja ina nyuso nne: lala upande wa kwanza, ugeuze mto, kisha uigeuze foronya ndani nje na kutumia pande mbili zilizobaki. Kama nywele zako hazina mafuta mengi, hizo ni siku nne za uso safi kwa ufuaji mmoja. Kama mafuta ni mengi hadi yanapenya upande wa pili, tone la maji litakuambia kwamba hesabu hiyo haikufai. Hata hivyo nafuu kubwa hupatikana kabla ya mto: paka mafuta kuanzia upana wa kidole kimoja nyuma ya mstari wa nywele, osha mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso, na ulale umefunga fulari au boneti. Fulari hiyo ikae juu ya nywele, isishuke kwenye paji, na yenyewe ifuliwe kila wiki. Nimewaona akina dada waliokinga mto vizuri sana, kumbe fulari iliyolowa mafuta ilikuwa imewafunga paji usiku kucha, na vipele vikajipanga chini yake kama mshipi.

Nikupe mfano mmoja ili uone jinsi hesabu inavyokwenda. Msusi mmoja kutoka Goma alinijia akiwa amechoka kabisa. Alikuwa akifua foronya kila siku kwa miezi miwili, kwa maji ya bidoni kama wewe, na paji lake lilikuwa vilevile. Tulihesabu pamoja vipele 31 kwenye paji na panja zote mbili, na vinne tu kwenye mashavu. Karibu vyote vilikuwa vidogo, vimefungwa, na havikuwa na usaha. Nilipomuuliza kazi yake inavyokwenda, alinionyesha bila kujua: aliinua mkono na kujifuta jasho kwa nyuma ya kiganja, mara tatu katika mazungumzo ya robo saa. Siku nzima mkono huo huwa ndani ya kopo la pomadi la wateja. Tukaacha foronya ifuliwe mara mbili kwa wiki, akaning'iniza kitambaa kidogo cha pamba kiunoni kwa ajili ya jasho, akahamisha mafuta yake mwenyewe nyuma ya mstari wa nywele, na hatukuongeza dawa yoyote. Baada ya wiki nne vilikuwa 29, naye alitaka kuacha. Baada ya wiki nane vilikuwa 17, na baada ya wiki kumi na mbili vilibaki tisa. Wiki nne za mwanzo ndizo zinazowashinda watu wengi, kwa sababu vizibo vya zamani vinaendelea kujitokeza ilhali vipya vimekwisha kukoma.

Wewe una sababu mbili zinazoweza kugombana upande mmoja wa uso, yaani simu na mto, hasa kama unalalia ubavu wa kuume. Ukitaka kweli kujua ni ipi, usibadilishe vyote kwa mpigo kama ulivyofanya. Iondoe simu kwenye shavu kwa wiki nane, na mengine yaache yalivyo. Kila Jumapili, ukiwa umenawa, hesabu vipele vya kila shavu kwa kufumba macho na kupapasa kwa ncha ya kidole, kisha andika namba mbili kwenye daftari. Sababu ya kufumba macho ni madoa. Ngozi yetu nyeusi huacha doa la kahawia mahali chunusi ilipokuwa, na doa hilo hudumu miezi mingi baada ya chunusi kufa. Anayehesabu kwa macho huhesabu madoa pamoja na vipele, akadhani hajapona. Kidole hakidanganyiki, kwa maana doa ni bapa na kipele kina kilima. Kama shavu la kuume litashuka na kukaribia la kushoto, simu ilikuwa na hatia. Kama tofauti itabaki ileile, sasa geukia mto na mafuta ya nywele kwa wiki nane nyingine.

Taulo haitanichukua muda mrefu. Kwa chunusi, kosa la taulo ni kusugua: taulo ngumu iliyokaushwa juani, ikipitishwa kwa nguvu kwenye vipele, huvichokoza na kuongeza madoa. Uso ugandamizwe kwa upole mpaka unyevu uishe, na inatosha. Kuchangia taulo katika nyumba ni tatizo la maradhi mengine. Majipu ya bakteria wa stafilokoki, upele unaowasha usiku na choa hupita kwenye taulo yenye unyevu, na hapa Bukavu, mvua ikinyesha wiki nzima, taulo iliyotundikwa chumbani haikauki kamwe. Dalili ya kutofautisha si ngumu. Jipu ni moja au mawili makubwa, yenye joto na maumivu makali, na mara nyingi mtu mwingine wa nyumbani naye anayo. Chunusi haiambukizi mtu yeyote. Kila mmoja na awe na taulo yake, na ya uso iwe ndogo ili ikauke upesi.

Brashi hukuwa na haja ya kuzitupa. Ndani ya nywele za brashi hujikusanya mchanganyiko wa krimu ya rangi, poda, mafuta ya ngozi na chembe zilizokufa, na mchanganyiko huo mzito hurudishwa usoni kila asubuhi. Brashi iliyokakamaa kwa uchafu huo pia inakwaruza. Ifue kila wiki moja kwa maji ya uvuguvugu na tone la shampuu, nywele zikielekea chini, ukiizungusha kwenye kiganja hadi maji yatoke meupe. Iminye, irudishe umbo lake, kisha ilaze ukingoni mwa meza, nywele zikining'inia hewani, hadi kesho yake. Usiisimamishe ndani ya kikombe ikiwa bado na maji, kwani maji hushuka kwenye gundi ya mpini, na wiki chache baadaye nywele zinaanza kukubaki usoni. Sifongo ni mbaya zaidi kwa sababu moyo wake haukauki. Ikiwa una ya zamani, ikate katikati kwa kisu uitazame. Ukiona vidoa vyeusi vya ukungu, hutahitaji maelezo yangu. Mahali ninapokuwa mkali kuhusu vijidudu vya brashi ni kwa wapambaji wa maharusi, ambao brashi moja hupita kwenye nyuso kumi kwa Jumamosi moja: hapo stafilokoki na malengelenge ya midomo vinaweza kweli kusafiri.

Kama krimu yako ya rangi ni nzito na yenye mafuta, kuifua brashi peke yake hakutafika mbali, kwa kuwa vinyweleo vinazibwa na krimu yenyewe. Chagua ile iliyoandikwa kwenye chupa «non comédogène», na uiondoe kabla ya kulala hata siku umeme umekatika na maji yamebaki nusu ndoo. Kunawa uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini kunatosha. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo lililowalinganisha vijana waliokuwa wakinawa mara moja, mara mbili na mara nne kwa siku: wa mara mbili walipata nafuu kiasi, wa mara moja walizidiwa, na wa mara nne hawakupata faida ya ziada. Sabuni ya kufulia, limau, dawa ya meno na chumvi ya kusugulia huongeza mwasho tu, na kwa ngozi nyeusi kila mwasho hulipwa kwa doa.

Kuna jambo moja ambalo hukuliandika na ambalo ninalazimika kuliuliza, kwa kuwa likiwapo hakuna foronya itakayokusaidia. Je, unapaka krimu ya kung'arisha, au iliyochanganywa dukani kwenye kopo lisilo na jina? Nyingi zina klobetasoli, dawa kali ya jamii ya kotikoidi. Huifanya ngozi ipendeze majuma ya kwanza, kisha hutoa vipele vingi vya ukubwa mmoja, kama vimepigwa mhuri siku moja, usoni na wakati mwingine kifuani. Ukiacha ghafla baada ya miezi mingi, uso huwaka na vipele huongezeka, na mtu hudhani krimu ndiyo iliyokuwa ikimtibu. Kama hali ni hiyo, nenda na kopo lenyewe kwa daktari ili akupangie namna ya kuiacha.

Na kama mwisho wa wiki nane vipele vyenye maumivu bado vinatoka pande zote mbili, basi sababu imo ndani na inataka dawa. Kwa kawaida huanza na peroksidi ya benzoili ya asilimia 2.5 hadi 5, ikipakwa tabaka jembamba juu ya eneo lote na si juu ya kipele kimoja kimoja, au adapaleni ya asilimia 0.1 usiku, ambayo haitumiwi na mwenye mimba wala anayetarajia kuipata. Vinundu vilivyo ndani sana ya ngozi na vinavyoacha mashimo visisubiri wiki nane. Ukipewa peroksidi, toa foronya nyeupe na taulo nyeupe kabla ya kuanza, na usijifunike kitenge chako kizuri hadi usoni: dawa hiyo hula rangi ya nguo, na doa lake la rangi ya chungwa halitoki hata kwa maji ya moto.